Shati Moja, Umeme Kiasi Gani?

Katika fremu nyingi za Dar es Salaam, mafundi cherehani, wauza vinywaji na wasusi hushirikiana mita moja ya LUKU. Umeme ukiisha, hela huchangwa, na mara nyingi macho yote humgeukia mwenye pasi. Kisa ni maandishi yaliyo juu ya kifaa chake: wati 1,000, wati 1,200, au wati 2,400 kwa pasi za mvuke. Jirani anayauliza maandishi hayo kwa hesabu ya haraka: kama ni wati 1,000, basi kila saa inakula uniti nzima, na fundi huyu anafungua saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Kwa hesabu hiyo anadaiwa uniti 11 kwa siku.

Hesabu hiyo ina kosa moja, nalo ni kubwa. Pasi ya kisasa haivuti umeme muda wote inapokuwa imechomekwa. Ndani yake kuna kidhibiti joto, yaani thamostati, ambacho kwa kawaida kimeundwa kwa vipande viwili vya metali tofauti vilivyobanwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, hivyo kipande kizima hujikunja. Kikifika joto lililochaguliwa kwenye kitasa cha kuzungusha, hukata umeme na taa huzimika. Joto likishuka kidogo, kipande hunyooka, umeme huunganika tena na taa huwaka. Mlio mdogo wa "tik" ambao mafundi huuzoea bila kuujali ni kazi hiyo ikiendelea.

Kwa hiyo wati zilizoandikwa ni kasi ya kuvuta umeme pale taa inapowaka tu. Kiasi kinacholiwa kwa saa hutegemea taa hiyo imewaka kwa dakika ngapi ndani ya saa. Pasi ya wati 1,000 ambayo taa yake imewaka kwa jumla ya dakika 30 imekula nusu uniti, na ile iliyowaka dakika 8 imekula uniti 0.13 tu, hata kama zote mbili zilikuwa kwenye soketi saa nzima.

Nini basi kinaamua taa iwake dakika ngapi? Ni kile ambacho nguo inakinyonya kutoka kwenye pasi. Shati la pamba lenye uzito wa gramu 200 hivi linahitaji joto la kulipandisha kutoka joto la chumba hadi karibu nyuzi 150. Joto hilo si kubwa: ukilipima kwa uniti ni chini ya moja ya mia. Mnyonyaji mkubwa ni maji. Dobi hunyunyizia shati ili nyuzi za pamba zilainike na mikunjo ikubali kunyooka, na maji hayo lazima yafukuzwe yote kuwa mvuke kabla shati halijakunjwa. Kugeuza kilo moja ya maji ya kawaida kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.71, hata pasi iwe ya bei gani na hata fundi awe hodari vipi. Gramu 20 za maji, ambazo ni kama vijiko vinne vya chai, zinahitaji uniti 0.014. Hapo ongeza joto linalopotea hewani na lile linalozama kwenye meza ya pasi.

Ukijumlisha yote hayo kwa shati moja la pamba lililonyunyiziwa kiasi na kunyooshwa kwa dakika tano, unapata uniti 0.04 hivi. Dobi anayetoa mashati 12 kwa saa kwa pasi ya wati 1,000 anatumia karibu nusu uniti. Taa yake, kwa maneno mengine, inawaka takriban nusu ya muda.

Sasa hela. Mfanyabiashara wa kawaida wa Tanzania huwa katika kundi la matumizi linaloitwa T1. Bei yake, tangu ilipopunguzwa mwaka 2016, ilikuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati, EWURA, asilimia 1. Jumla inafika shilingi 356 na senti kidogo, na ndiyo maana anayenunua umeme wa shilingi 1,000 hupata uniti 2.8. Hakuna haja ya kukariri viwango hivi. Risiti ya LUKU inaonyesha kiasi kilicholipwa na uniti zilizopatikana. Kugawanya cha kwanza kwa cha pili kunatoa bei halisi ya siku hiyo. Tahadhari ni moja: manunuzi ambayo yamekatwa kodi ya jengo au deni yasitumike kwa hesabu hii, maana yatafanya uniti ionekane ghali kuliko ilivyo.

Kwa bei hiyo, saa moja ya kunyoosha mfululizo inagharimu shilingi 178, na shati moja linabeba umeme wa shilingi 15. Umeme wa shilingi 1,000 unanyoosha mashati 65 na zaidi. Tuseme dobi anatoza shilingi 500 kwa kunyoosha tu. Katika hizo 500, umeme umechukua 15.

Takwimu hii inastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu inapindua mazungumzo mengi ya barazani. Bei ya umeme ikipanda kwa asilimia 20, gharama ya shati inapanda kwa shilingi tatu. Dobi anayeongeza shilingi 200 kwa kila nguo akisema umeme umepanda huenda ana sababu nyingine za haki kabisa, kama kodi ya pango, sabuni, maji, au kutaka ujira unaomtosha, lakini umeme hauwezi kubeba ongezeko hilo peke yake.

Mwenye shaka na hesabu za karatasini anaweza kuipima pasi yake mwenyewe bila kununua kifaa chochote. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Namba hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000 imp/kWh, mipepeso elfu moja ni uniti moja. Zima kila kitu kingine kwenye mita hiyo, washa pasi ikiwa baridi, kisha pima sekunde za mipepeso kumi huku taa ya pasi ikiwa inawaka. Sekunde 36 zinamaanisha pasi inavuta wati 1,000 kamili. Sekunde 30 ni wati 1,200. Sekunde 53 ni wati 680 hivi, na jibu la namna hiyo lina habari yake, nayo inakuja mbele. Kwa mita ya 1600 imp/kWh, pasi ya wati 1,000 hupepesa mara kumi ndani ya sekunde 22 na nusu.

Kipimo hicho kinathibitisha wati. Kupata matumizi ya saa, andika uniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kuanza, fanya kazi ya kawaida kwa saa mbili, kisha andika zilizobaki. Tofauti igawanywe kwa idadi ya nguo. Saa mbili ni bora kuliko moja, kwa kuwa mita huonyesha desimali chache na kosa la kusoma huwa dogo ukilinganisha na jumla. Ni muhimu pia nguo ziwe za siku ya kawaida: mashati, suruali za jinzi, magauni ya kitenge na kanzu kwa mchanganyiko uleule unaoletwa na wateja.

Fundi cherehani na dobi hawatumii pasi kwa namna moja, na tofauti yao ndiyo inayoeleza kwa nini mmoja anaweza kutumia umeme mwingi kwa kila nguo ilhali ananyoosha kidogo. Dobi hupanga rundo na kulimaliza. Fundi hushona mshono, akasimama, akaupiga pasi kwa nusu dakika ili ulale, akarudi kwenye cherehani. Akifika kwenye kola hubandika kitambaa cha ndani chenye gundi, anaikandamiza pasi sekunde kumi hadi kumi na tano bila kuisugua, kisha anaiweka kando. Siku nzima pasi imesimama kwa kisigino chake, moto, ikisubiri.

Pasi inayosubiri haijalala. Inapoteza joto hewani, na thamostati inalirudisha kila linaposhuka. Tuchukue pasi ya wati 1,000 ambayo, ikisimama tupu kwenye joto la pamba, taa yake huwaka sehemu moja ya nane ya muda. Hiyo ni sawa na wati 125 mfululizo. Fundi wetu wa mfano ameichomeka saa sita kwa siku. Katika hizo, saa moja tu kwa jumla pasi imegusa kitambaa. Kazi halisi imekula nusu uniti. Saa tano za kusubiri zimekula uniti 0.63. Ongeza kuipasha asubuhi na jumla inakuwa 1.17. Kwa siku 26 za kazi hizo ni uniti 30, karibu shilingi 10,800 kwa mwezi, na zaidi ya nusu yake, shilingi 5,800 hivi, imelipia hewa ya moto ndani ya fremu.

Linganisha sasa na friji la vinywaji la jirani. Friji la kioo ambalo hata likiwa la wastani linakula uniti mbili kwa siku, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, linafikisha uniti 60 kwa mwezi: shilingi 21,000 na zaidi. Friji halitoi mvuke, halinuki moto na halina wati 1,000 zilizoandikwa ubavuni, kwa hiyo halishukiwi. Lakini katika mfano huu linakula mara mbili ya pasi. Washirika wa mita moja wanaotaka kugawana kwa haki wafanye kipimo cha siku moja kwa kila kifaa kikubwa. Madukani pia kunauzwa vipimo vidogo vya kuchomeka kati ya soketi na plagi, vinavyohesabu uniti za kifaa kimoja; kimoja kikizungushwa fremu zote kwa wiki, mabishano ya mwezi mzima huisha kwa namba.

Swali linalofuata huulizwa karibu kila karakana: si bora kuiacha pasi ikiwaka, maana kuiwasha upya kunakula umeme zaidi? Imani hii imeenea sana, na si kweli. Kuipasha pasi ya kawaida kutoka ubaridi hadi joto la pamba kunachukua dakika mbili au tatu na uniti 0.04 hivi, yaani shilingi 14. Pasi iliyozimwa inapoa polepole, na kadiri inavyopoa ndivyo inavyopoteza joto kidogo zaidi kwa kila dakika. Iliyoachwa ikiwaka inapoteza kwa kasi ileile ya juu muda wote. Kwa hiyo joto la kurudisha baada ya kuizima haliwezi kuzidi lile ambalo lingepotea kama ingeachwa. Kuzima kunaokoa umeme kila mara, hata kwa dakika tano, ingawa kwa dakika tano kinachookolewa ni kidogo mno.

Gharama ya kuzima ni muda. Fundi aliyezima anasubiri dakika mbili pasi ipate moto, na dakika mbili za fundi zina thamani kuliko shilingi tatu au nne za umeme. Hapo uamuzi ni wa kila mtu na kazi yake. Dawa iliyo bora kuliko kubishana na swichi ni kupanga kazi: kushona mishono ya nguo tatu kwanza, kisha kuipiga pasi yote kwa pamoja. Mafundi wanaofanya hivyo hupunguza saa za pasi kusubiri bila kupoteza hata dakika moja.

Mpangilio una faida nyingine kwa dobi. Alama za nukta kwenye pasi si mapambo. Nukta moja ni joto la kama nyuzi 110, kwa nailoni na vitambaa vingine laini vya kiwandani. Mbili ni 150 hivi, kwa poliesta, sufu na hariri. Tatu ni 200 kwa pamba na kitani. Pasi hupanda joto kwa dakika chache lakini hushuka kwa muda mrefu. Anayeanza na pamba kisha akataka blauzi ya nailoni lazima asubiri, au aunguze. Anayeanza na vitambaa vya nukta moja, akapanda hadi pamba, hasubiri popote. Na akichomoa plagi wakati bado kuna mitandio miwili ya kumalizia, joto lililobaki kwenye bamba la chini linaimaliza bila malipo.

Lakini hasara kubwa kuliko zote haiko kwenye swichi. Iko kwenye kamba ya kuanikia.

Msimu wa mvua za masika, nguo hazikauki. Mteja amesema anakuja saa kumi jioni, shati bado lina unyevu, na dobi anaamua kulikausha kwa pasi. Shati hilo lina gramu 100 za maji badala ya 20. Zile gramu 80 za ziada pekee zinahitaji uniti 0.057 ili zitoke. Shati linalokula 0.04 sasa linafika 0.1, yaani shilingi 36 badala ya 15. Hiyo si hela ya kumkosesha mtu usingizi. Tazama saa, hata hivyo. Pasi ya wati 1,000 haiwezi kutoa joto zaidi ya wati 1,000, hata taa ikiwaka bila kuzimika. Kuliondoa joto linalotakiwa na shati hilo kunachukua karibu dakika sita taa ikiwa imewaka mfululizo, na kwa kuwa mkono lazima unyanyuke kugeuza nguo, hesabu ya kweli ni kama dakika nane. Mashati 12 kwa saa yamekuwa saba. Kwa shilingi 500 kwa shati, dobi amepoteza shilingi 2,500 za kazi ndani ya saa moja, na mita imemwonyesha ongezeko la shilingi 75 tu. Anayetazama LUKU peke yake hataliona pengo hilo kamwe.

Kuna njia rahisi ya kutambua kwamba nguo ni mbichi mno: taa ya pasi haizimiki kabisa wakati wa kazi, na bamba linaanza kuvuta kitambaa badala ya kuteleza. Nguo iliyo tayari huhisi baridi kidogo ukiiweka shavuni lakini haiachi unyevu mkononi. Siku za mvua, feni inayovuta wati 50 ikipuliza kamba ya ndani kwa saa nne hutumia uniti 0.2, yaani shilingi 71, na hukausha nguo nyingi kwa mkupuo. Feni hiyo haichemshi maji. Hewa kavu inayopita ndiyo inayoyabeba, na ndiyo maana kazi ileile inafanyika kwa umeme mdogo sana. Unyevu wa hewa ukiwa mkubwa kupita kiasi, kama siku ya mvua isiyokatika, feni nayo huchelewa.

Pasi ya mvuke inaingia katika hesabu hii kwa upande mwingine. Wati zake 2,000 hadi 2,400 huwatisha wengi, na wengine hukataa kuinunua kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya wati hizo ipo kwa ajili ya kuchemsha maji. Pasi inayotoa gramu 30 za mvuke kwa dakika inahitaji karibu wati 1,300 kwa mvuke peke yake. Tuseme dobi mzoefu anamaliza shati kwa dakika tatu, akiruhusu mvuke kwa jumla ya dakika mbili. Shati hilo linakula uniti 0.06, shilingi 21. Kwa saa, mita yake inashuka kwa uniti 1.2, zaidi ya mara mbili ya pasi kavu, na hapo ndipo watu husema pasi hii "inafyonza". Lakini ametoa mashati 20, si 12. Kila shati limemgharimu shilingi sita zaidi na limemwachia dakika mbili. Kwa mwenye rundo la kutosha, hiyo ni biashara nzuri. Kwa fundi anayepiga mishono michache kwa siku, pasi kavu nzito inamtosha kabisa.

Adui wa pasi ya mvuke ni maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na mitaa mingi hutegemea visima. Maji yakiwa mvuke, madini hubaki ndani na kugandamana kama chokaa. Matundu huziba, mvuke hupungua, na siku moja unga mweupe au wa kahawia unatemwa juu ya shati jeupe la harusi. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri yasiyotiwa asidi, huipa pasi hiyo maisha marefu.

Turudi kwenye ile mipepeso kumi ya sekunde 53. Wati zilizoandikwa kwenye pasi zinapatikana pale tu volti zinapofika zilizokusudiwa, 230. Waya wa ndani una ukinzani ule ule, hivyo volti zikishuka hadi 190, pasi ya wati 1,000 inatoa wati 680 tu. Mitaa mingi huliona hili jioni, watu wanapopika na kuwasha kila kitu. Dobi huona pasi "haina moto" na kuipeleka kwa fundi, ilhali haina ugonjwa wowote. Apime tena mipepeso saa nne asubuhi. Ikirudi sekunde 36, tatizo ni la laini, na kazi ya nguo nzito za pamba na jinzi ni bora ihamishiwe asubuhi. Volti ndogo hazipunguzi gharama ya shati: maji ni yaleyale, nyuzi ni zilezile, ila sasa kazi imerefuka, na dakika zilizoongezeka zimepoteza joto hewani.

Wakati mwingine volti zinapotelea ndani ya karakana yenyewe. Ekstensheni nyembamba ya mita 20, yenye nyaya za milimita 0.75 za mraba, ina ukinzani wa ohmu moja hivi kwa kwenda na kurudi. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampia 4.3, na waya huo hupoteza wati 18, kiasi cha kupuuzwa. Pasi ya mvuke ya wati 2,400 huvuta zaidi ya ampia 10, na waya uleule sasa unapoteza wati 100 na zaidi, zote zikiwa joto ndani ya plastiki yake. Ekstensheni hiyo ikiwa imeviringishwa chini ya meza, joto halina pa kutokea. Plagi inayochoma vidole unapoichomoa, au inayonuka plastiki, imeshatoa taarifa. Kazi isimame hadi ibadilishwe. Vivyo hivyo kwa pasi ambayo taa yake haizimiki hata ikisimama tupu: huenda vidole vya thamostati vimegandamana, na bamba litaendelea kupanda joto hadi kuunguza. Na plagi ya pini tatu isikatwe iwe ya mbili. Pini ya tatu ndiyo inayopeleka umeme ardhini waya wa ndani ukigusa bamba, kabla haujapita kwenye mkono wenye maji wa dobi.

Umeme ukikatika, hesabu inabadilika kabisa. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100, inayowasha taa na kuchaji simu za karakana kwa usiku mzima, ina uniti 1.2 ndani yake, na betri ya risasi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu. Zinabaki uniti 0.6, mashati 15 kwa hesabu ya karatasini. Lakini taa ya pasi inapowaka, betri inavutwa ampia zaidi ya 80 kwa mkupuo, na betri ndogo ya namna hiyo haidumu chini ya mzigo huo. Mwenye sola ya taa asiitegemee kwa pasi.

Jenereta ndogo ya petroli inaweza, mradi iwe na nguvu kuzidi wati za pasi. Lita moja katika jenereta hizo hutoa kati ya uniti moja na mbili, kwa kuwa injini huunguza mafuta hata dakika ambazo thamostati imekata. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, uniti inagharimu kati ya shilingi 1,500 na 3,000, na shati moja kati ya shilingi 60 na 120. Dobi anayetoza 500 bado ana nafasi, ikiwa rundo limesubiriwa likajaa kabla ya kuvuta kamba ya injini. Kwa mashati mawili ya mteja mmoja hana. Ndiyo maana pasi ya mkaa haijatoka kwenye karakana nyingi. Haina thamostati, jivu lake ni hatari kwa nguo nyeupe, na mkaa ukishawaka gharama yake imeshalipwa hata kama nguo ni moja. Mafundi wanaoitumia huijaribu kwanza juu ya kipande cha pamba kuukuu, na huishika tu pale jenereta haipo na mteja wa saa kumi ameshafika mlangoni.